Je, maji ya Kibarani yana haki, au haki ni yetu tu?

Ukitoka kisiwani Mombasa kuelekea Changamwe, ukishavuka Makupa tu, uko Kibarani. Leo unaona miti na nyasi pale. Kwa miaka mingi palikuwa jaa la taka za mji mzima, na mlima wa taka ulishuka moja kwa moja hadi ukingoni mwa bahari.

Hebu jiulize: lile jaa lilifungwa kwa ajili ya nani? Kumbuka malalamiko yalivyokuwa. Harufu. Moshi. Aibu ya mgeni kulakiwa na taka kwenye lango la mji. Hayo yote ni mambo yetu binadamu. Ni nadra kumsikia mtu akisema kwamba mkondo wenyewe wa bahari ulikuwa unadhulumiwa.

Sheria yetu nayo inafikiri hivyo hivyo. Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010 kinasema kila mtu ana haki ya mazingira safi. Mwenye haki ni mtu. Tazama kesi ya Owino Uhuru, hapa hapa Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilimwaga sumu ya risasi mtaani. Mwaka wa 2020 mahakama iliwapa wakazi fidia ya Sh1.3 bilioni na kuagiza udongo usafishwe. Ni haki yao kabisa. Lakini udongo uliingia mahakamani kwa mgongo wa watu. Je, kama pale pasingekuwa na mtaa?

Hapo ndipo Kifungu cha 70 kinashangaza. Kinasema anayekwenda kortini kutetea mazingira hahitaji kuthibitisha kwamba kuna mtu aliyepata hasara au kuumia. Mlango umeachwa wazi kidogo. Wewe unaweza kuushtakia mkondo hata kama hakuna mvuvi aliyekosa samaki. Ila bado unashtaki kwa jina la haki yako, si yake.

Majirani zetu Uganda wamepiga hatua zaidi. Sheria yao ya mazingira ya 2019 inatamka kwamba maumbile yana haki ya kuwepo, kuendelea na kujirudishia uhai, na mtu yeyote anaweza kwenda kortini haki hiyo ikivunjwa. Lakini kuna fundo: ni waziri anayetakiwa kutaja maeneo ambako haki hizo zitatumika. Haki inayosubiri kalamu ya waziri ni haki yenye kamba shingoni.

Wapo watakaokuambia huu ni mchezo wa maneno, kwani maji hayana matakwa. Ni kweli, maji hayalii. Lakini angalia mti wa mchu kwenye tope la mikoko. Mizizi yake huchomoza juu kama penseli ili ivute hewa, kwa sababu tope halina hewa ya kutosha. Plastiki au mafuta yakiifunika, mti hukosa pumzi na hufa. Kuna hali inayoufaa na hali inayoudhuru, awepo mtu wa kutazama au asiwepo. Mimi naona hilo latosha kusema kwamba unaweza kutendewa ubaya. Haki ya kortini ni chombo tu cha kuuzuia ubaya huo.

Tofauti inaonekana ukiuliza mkondo ungedai nini. Sisi tulitaka bustani. Mkondo ungeanza na maji kupwa na kujaa bila kizuizi. Tuta la barabara la Makupa, la tangu enzi za ukoloni, lilibana maji kati ya mkondo wa Tudor na upande wa Port Reitz. Daraja jipya lilipofunguliwa 2022, kuyaachia maji yapite ilikuwa mojawapo ya sababu zilizotolewa. Pengine hilo lilimfaa mchu kuliko nyasi zote zilizopandwa.

Na taka zenyewe zilikwenda wapi? Mwakirunge. Kwa jicho letu la kisiwani, shida imeisha kwa sababu haionekani. Kama ardhi ina heshima yake yenyewe, kuhamisha jaa si suluhisho, ni kubadilisha anayedhulumiwa.

Lakini usikubali haraka. Palikuwa na watu waliokula kwa kuokota chupa na vyuma pale Kibarani. Msemaji wa mkondo asiyewajua hao atawafukuza akidhani ametenda haki. Nyuzilandi, mto Whanganui ulipopewa nafsi ya kisheria mwaka wa 2017, uliwekewa walezi wawili, mmoja akiteuliwa kwa niaba ya serikali na mwingine na jamii za Wamaori wa mto huo. Hilo ndilo swali letu pia: mkondo wa Makupa ukipewa walezi kesho, je, mvuvi na mwokota chupa watakuwa mezani, au watasomewa uamuzi tu?