Mama mboga si mwizi, na bei ya leo ya nyanya si yako

Juzi katika soko la Homa Bay nilimsikia jamaa mmoja akimkaripia mama mboga. "Mama, wiki jana ulinipa nyanya nne kwa Sh20, leo mbili? Mnatuibia!" Mama akapangusa nyanya zake, akamjibu polepole, "Kijana wangu, enda basi uzichukue Isebania mwenyewe."

Jibu lile lilikuwa na uchumi wote niliofundishwa kabla sijaacha chuo.

Nyanya nyingi za huku hupanda gari kutoka upande wa mpakani, Isebania, zingine zikiwa zimevuka kutoka Sirari, Tanzania. Hupita Migori na Awendo, kisha Rongo, ndipo zije ziwani. Ugavi si nyanya zote zilizoko duniani. Ni kiasi ambacho wauzaji wako tayari kuleta sokoni kwa bei fulani. Mahitaji nayo ni kiasi ambacho wanunuzi wako tayari kulipia kwa bei fulani. Kutamani tu bila pesa mfukoni hakuhesabiki.

Tufanye hesabu ya kubuni ya siku moja. Nyanya 3,000 zimefika sokoni, na kwa Sh5 kila moja zote zinaisha kufikia jioni. Kisha mvua kubwa inanyesha wiki nzima, ukungu unaunguza majani shambani, barabara za matope zinachelewesha magari. Zinafika 2,000 pekee. Kwa Sh5 bado kuna watu wanaotaka 3,000, kwa hivyo kufikia saa nne asubuhi meza zingekuwa tupu. Muuzaji anaona foleni, anapandisha. Anayetaka kachumbari anaacha. Aliyezoea kutia nyanya tatu kwenye omena anatia mbili. Bei inaendelea kupanda hadi wanaobaki watoshane na nyanya 2,000, tuseme kwa Sh10.

Angalia hapo vizuri. Nyanya zimepungua kwa thuluthi moja, lakini bei imeongezeka maradufu. Ni kwa sababu nyanya ni kitu cha kila siku, watu hawaiachi kwa urahisi. Bei lazima iume sana ndipo wapunguze kidogo. Mama mboga hakulazimisha mtu. Angejaribu Sh15, zingemwozea mezani, na ndiyo maana hiyo hiyo jioni utamwona akikuongezea moja juu ya fungu bila kuombwa.

Kitu kingine watu huchanganya: bei ikishuka na watu wakanunua zaidi, si kwamba mahitaji yamepanda. Ni wanunuzi wale wale wakijibu bei. Mahitaji hupanda pale watu wanapotaka nyingi zaidi hata kwa bei ile ile. Shule zikifunguliwa, kwa mfano, au Ijumaa ambayo kuna matanga matatu kijijini na kila boma linapika sufuria kubwa.

Sasa tuje kwa vijana wenzangu, maana hapa ndipo tunapochomeka. Binamu yangu aliona nyanya ziko juu mwezi Mei. Akakopa, akakodi shamba la robo ekari karibu na mto, akanunua pampu. Miche hukaa kitaluni karibu mwezi mmoja, na baada ya kuihamisha shambani unangoja kama miezi miwili na nusu hadi mitatu ndipo uanze kuchuma. Alipanda akiangalia bei ya Mei, lakini alikuwa anaenda kuuza Septemba. Na wangapi walikuwa wameona bei ile ile ya Mei? Karibu kila mtu mwenye jembe.

Rudi kwenye hesabu yetu. Nyanya 2,000 kwa Sh10 zinaleta Sh20,000. Zile 3,000 kwa Sh5 zinaleta Sh15,000. Zikijaa 4,000 na bei ianguke hadi Sh3, soko zima linagawana Sh12,000. Jasho zaidi, doo kidogo, na nyanya haikai ghalani kama mahindi ungoje bei ipande. Ndivyo binamu alivyoambiwa na dalali bei ya kreti ambayo haikufika hata gharama ya dawa na vibarua. Alimtukana dalali. Mimi siwatetei madalali, wengine hukandamiza mkulima kwa sababu wanajua hana gari. Lakini siku ile hata dalali mwenye roho ya malaika asingempa bei ya Mei.

Msimu uliofuata alianza kwingine. Kabla ya kusia mbegu alizunguka kwa wauza miche akiuliza wameuza ngapi mwezi huo. Wakisema wameishiwa, anajua miezi mitatu ijayo soko litafurika. Mwaka huu walimwambia miche imewakalia tu, hakuna anayetaka, kwa sababu nyanya ni za bure. Amechukua trei mbili.