Cheti cha Mtu Asiyehitimu

Ujumbe ambao mwajiri huipelekea ofisi ya ajira ya chuo kikuu, yaani kitengo kinachowaunganisha wanafunzi na waajiri, ni ombi linalosubiri uamuzi, kwa kuwa anayeusoma kwanza ni afisa anayepaswa kujua kama nafasi inayotajwa inawafaa kweli wanafunzi wa mwaka wa mwisho. Waajiri wengi wa Tanzania huuandika kana kwamba wanabandika karatasi kwenye nguzo ya umeme, na maofisa wengi huupokea kama nguzo.

Wiki hii ujumbe wa namna hiyo ulionekana kwenye ubao wa matangazo wa chuo kimoja cha Dar es Salaam, umechapwa na kubandikwa kama ulivyofika. Ulitangaza nafasi ya "Afisa Masoko" kwa wanafunzi wa mwaka wa mwisho, kisha ukawadai wanafunzi haohao uzoefu wa miaka 2, nakala ya cheti cha shahada iliyothibitishwa na wakili, na utayari wa kuanza kazi Jumatatu. Wanafunzi hao hawajafanya hata mitihani yao ya mwisho, ambayo matokeo yake huwa rasmi baada ya kupitishwa na Seneti, yaani chombo cha juu cha taaluma chuoni, na cheti chenyewe husubiri mahafali. Kumdai mwanafunzi huyo cheti ni kumdai kifaranga yai, na aliyeuandika ujumbe huo, ambaye bila shaka naye alipita chuoni, hana kisingizio cha kutolijua hilo.

Wasomaji wa kudumu wa safu hii wanaufahamu ugomvi wake wa siku nyingi na maneno "mshahara wa kuvutia", na hawatashangaa kusikia kwamba yalikuwapo, tena kwa herufi kubwa. Katika matangazo ya "Afisa Masoko" maneno hayo mara nyingi huficha kamisheni, yaani malipo yanayotegemea kiasi kilichouzwa, kiasi kwamba asiyeuza hapati kitu, na nauli ya kuzunguka na bidhaa juani inatoka mfukoni mwake. Kazi ya kamisheni si haramu, ila mwajiri anayeona haya kuitaja kwa jina lake anajua kwa nini anaona haya. Afisa makini angeuliza swali moja tu, kama upo mshahara wa kila mwezi usiotegemea mauzo na ni shilingi ngapi, na jibu likija kwa mafumbo angeurudisha ujumbe ulikotoka.

Kibaya zaidi kilikuwa mstari wa mwisho, ambao mwajiri aliutumia kuiomba ofisi impe orodha ya wanafunzi wote wa mwaka wa mwisho pamoja na namba zao za simu, "ili kurahisisha mawasiliano". Chuo kilizikusanya namba hizo kwa ajili ya masomo, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 imewekwa kuzuia hasa mchezo huu wa taarifa zilizotolewa kwa jambo moja kutumiwa kwa jingine bila ridhaa ya mwenyewe. Kazi ya ofisi ni kuwapelekea wanafunzi nafasi, wenye haja wakaomba wenyewe.

Mwajiri huyo angeweza kuandika hivi na asipungukiwe kitu: "Tunaomba mtutangazie nafasi 2 za ofisa mauzo kwa wanafunzi wa shahada ya biashara wanaomaliza mwaka huu. Kazi ni kutembelea maduka ya Mbagala na kupokea oda, na itaanza Septemba 1, kwa miezi 3 ya majaribio. Mshahara ni shilingi 650,000 kwa mwezi kabla ya makato, na kamisheni ni nyongeza. Uzoefu hauhitajiki. Kwa sasa tutapokea wasifu na matokeo ya mihula iliyopita, na cheti kitaletwa baada ya mahafali. Mwisho wa kupokea maombi ni Mei 30." Jina la kampuni, mahali ilipo na anwani yake ya barua pepe vingefuata chini, badala ya namba ya wasapu isiyo na mwenyewe, ambayo ndiyo pekee iliyokuwa kwenye karatasi ile.

Afisa wa chuo hicho alipoulizwa kwa nini aliupitisha ujumbe wenye masharti yasiyotimizika, alijibu kwamba mwajiri ni mdau na wadau hawakatishwi tamaa. Wanafunzi, inaonekana, si wadau. Hadi Ijumaa jioni karatasi ilikuwa ingali ubaoni, imebandikwa juu ya ratiba ya mitihani.