Ritani ikikataliwa na iTax, anza na PIN ya mwajiri

Kenya, siku ya mwisho ya kuwasilisha ritani ya kodi ya mwaka ni Juni 30. Mtu binafsi akichelewa hutozwa faini isiyopungua shilingi 2,000.

Tuchukue mfanyakazi mwenye P9 mkononi. Amejaza fomu ya Excel, akabonyeza `Validate`, ikakataa. Kwanza akague PIN ya mwajiri: herufi moja, tarakimu tisa, kisha herufi. Akiandika herufi O badala ya sifuri, haipiti.

Kitufe kisipoitika kabisa, huenda makro zimezimwa. Kwenye simu hazifanyi kazi, hivyo nenda saiba. Fomu ikikubali hutoa faili ya `.zip`. Pakia hiyo, si ya Excel, na usiondoke bila risiti.