Usilifiche neno "ikiwa"

Ndugu yangu, kanuni zetu za mazingira za 2003 zinataka ripoti ya athari za mradi iambatane na muhtasari usio wa kitaalamu. Siku ukipewa kazi ya kuuandika, jua kwamba lugha nyepesi nayo huweza kudanganya.

Wakumbuka mradi wa makaa ya mawe Lamu, megawati 1,050? Leseni yake ilifutwa Juni 2019, na sababu moja kubwa ni kuwa wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Sasa, mtambo kama ule huvuta maji ya bahari kujipoza, kisha huyarudisha yakiwa na joto zaidi. Ripoti ya kitaalamu itasema: "athari baada ya hatua za kupunguza, ndogo". Wewe ukifupisha ukaandika "samaki hawatadhurika", ushaongopa. Umeliacha sharti.

Andika hivi: "Maji ya moto yatatoka hapa. Samaki na matumbawe ya karibu yanaweza kudhurika. Madhara yatakuwa madogo ikiwa kampuni itafanya ilivyoahidi, isipofanya, yatazidi." Hapo "hapa" taja jina la mahali wanalotumia wavuvi wenyewe, sio namba za ramani. Sema joto litaongezeka digrii ngapi na litafika umbali gani, wakati wa kusi na wa kaskazi, maana wastani wa mwaka huficha miezi mibaya.

Kisha msomee mzee mvuvi, umwambie akueleze alichosikia. Akijibu "kumbe hakuna neno", rudi ukaandike upya.