Urembo Jukwaani: Tatizo Limo Katika Fomu ya Alama

Kila msimu wa mashindano ya urembo unapowadia, mjadala wetu hurudia njia ileile. Upande mmoja husema jukwaa humpa binti ujasiri na kumfungulia milango. Upande wa pili husema ni mnada wa miili na ni kinyume cha maadili yetu. Pande zote mbili huzungumza kana kwamba hakuna aliyewahi kuiona fomu ya majaji. Mimi nimewahi kuijaza, na ninapenda mjadala uanzie hapo.

Miaka kadhaa iliyopita nilialikwa kuwa mmoja wa majaji watano katika shindano la warembo wa chuo kimoja. Washiriki walikuwa 14. Fomu ilikuwa na safu nne: sura alama 20, umbo alama 30, mwendo alama 20, na kujibu swali alama 30. Kwa haraka haraka mtu angeona mgawanyo huo una busara, kwa kuwa akili imepewa uzito sawa na umbo.

Ila safu hizo hazikujazwa kwa wakati mmoja. Majaji walijaza kwanza sura, umbo na mwendo kwa washiriki wote 14. Alama zikajumlishwa, tisa wakaaga jukwaa, na watano waliobaki ndio pekee waliopewa kipaza sauti. Zile alama 30 za akili hazikuwahusu kabisa wale tisa. Kwao, shindano zima lilikuwa la alama 70, na zote 70 zilikuwa za mwili.

Nitoe mfano mmoja. Mchana wa siku ile, wakati wa mazoezi, kila binti aliulizwa swali la kujaribia. Mmoja wao aliulizwa kuhusu mikopo ya elimu ya juu. Alieleza kwa utulivu kwamba fedha zikichelewa, mwanafunzi wa kiume hukopa kwa rafiki zake na deni huishia hapo, ilhali wa kike mara nyingi hukopeshwa na mtu anayetarajia malipo ya aina nyingine. Ukumbi ulinyamaza. Usiku nilimpa alama 13 za sura, 19 za umbo na 16 za mwendo, jumla 48. Binti mwingine nilimpa 15, 24 na 15, jumla 54. Wa 54 aliingia tano bora, wa 48 hakuingia. Alipoulizwa swali, yule wa 54 alijibu jambo alilolikariri badala ya lile aliloulizwa, nami nikampa 15 kati ya 30. Jumla yake ikawa 69. Laiti yule wa kwanza angeulizwa na kujibu kama alivyojibu mchana, nisingempa pungufu ya 27. Angefikisha 75 na kumshinda mwenzake kwa alama sita. Hakuulizwa.

Jambo la pili lilinisumbua zaidi, pengine kwa sababu kazi yangu ni kusahihisha mitihani. Swali la mtihani lina mwongozo unaoeleza jibu lenye alama nane lina nini ambacho lile la alama sita halina. Nilimuuliza jaji mkuu umbo la alama 24 linatofautianaje na la alama 19. Akatabasamu na kuniambia, "Daktari, utaona tu." Nami, kwa aibu, niliona. Nilitoa alama kwa kufuata picha iliyokwisha kuwamo kichwani mwangu: mrefu, mwembamba, mwenye hatua fulani. Sikuwahi kuichagua picha hiyo, wala hakuna aliyenitaka niitetee.

Kwa hiyo ninaposema mashindano haya hupanga miili ya wanawake kwa madaraja, situmii tamathali ya semi. Ninaeleza hesabu inayofanyika mezani.

Wanaoyatetea wana ushahidi wao, na haifai kuudharau. Nancy Sumari, Miss Tanzania wa 2005 na Miss World Afrika wa mwaka huohuo, ameandika kitabu cha watoto, Nyota Yako. Millen Magese, aliyetwaa taji mwaka 2001, amelitumia jina lake kuzungumzia hadharani ugonjwa wa endometriosisi, ambao wanawake wengi walikuwa wakiuugua kimyakimya. Flaviana Matata alipanda jukwaa la Miss Universe mwaka 2007 akiwa amenyoa kipara, akawashangaza waliodhani urembo ni nywele, na baadaye akaanzisha taasisi ya kuwasomesha wasichana. Hawa ni wanawake wa kuheshimiwa. Lakini kazi zao zinathibitisha uwezo wao wenyewe. Hazithibitishi kwamba mlango waliopitia ulistahili kuwekewa kipimo cha urefu na kiuno.

Wapo pia wanaotaka serikali iyapige marufuku. Hao wakumbuke kwamba tulikwisha kufanya hivyo. Miss Tanzania wa kwanza alivishwa taji mwaka 1967, kisha mashindano yakazimwa, na hayakurudi hadi 1994. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana dhidi ya sketi fupi, mawigi na krimu za kuchubua ngozi, na katika mitaa ya Dar es Salaam vijana wa kiume waliwashambulia wanawake kwa sababu ya mavazi yao. Majaji walikuwa wameondolewa jukwaani, ila ukaguzi ulihamia barabarani, na mara hii mkaguliwa hakuwa ameomba kushiriki. Marufuku ilibadilisha mkaguzi tu.

Hata mageuzi ya kimataifa hayajaligusa suala hili. Mwishoni mwa 2014 Miss World walitangaza kuachana na mashindano ya vazi la ufukweni. Miss Universe wamewaruhusu wanawake walioolewa na wenye watoto kuanzia 2023, na mwaka uliofuata wakaondoa kikomo cha umri. Zozibini Tunzi wa Afrika Kusini alitwaa taji la Miss Universe mwaka 2019 akiwa na nywele zake fupi za asili. Yote hayo yamepanua orodha ya wanaoruhusiwa kupimwa, na kipimo kimebaki palepale. Kwetu, mshindi wa 2014 alilivua taji baada ya mjadala mkali juu ya umri wake. Taifa zima lilijadili cheti cha kuzaliwa. Ni wachache waliouliza kwa nini mwaka mmoja au miwili ya umri wa mwanamke iamue kama anafaa kuiwakilisha nchi.

Msimamo wangu ni huu. Mtu mzima akitaka kushindana kwa urembo, ni haki yake, na dola isimzuie. Lakini shindano likijinadi kuwa ni la ujasiri na akili, lithibitishe katika utaratibu wake. Maswali yaanze, na kila mshiriki ajibu kabla ya yeyote kuondolewa. Fomu ya alama ibandikwe hadharani pamoja na maelezo ya kila safu. Waandaaji wakiona haya kuandika maelezo ya safu ya "umbo" na kuyasoma mbele ya wazazi wa washiriki, basi safu hiyo ifutwe. Na vyuo vyetu, vilivyoanzishwa kupima fikra, visitumie kumbi wala fedha zake kwa shindano ambalo mchujo wake wa kwanza haumruhusu mwanafunzi kufungua kinywa.

Baada ya usiku ule nilialikwa tena, nikakataa. Yule binti wa alama 48 nilikutana naye wiki iliyofuata kwenye ngazi za maktaba. Alinisalimia, "Shikamoo, Daktari," kisha akaniuliza kwa upole alikosea wapi ili mwakani ajirekebishe. Nilikuwa nazikumbuka alama zake zote tatu. Sikuwa na la kumwambia.