Mkataba ulisema robo kuku

Nina jambo moja kwa wanaoandaa harusi: mhesabuni kuku kabla hajaingia kwenye sufuria. Kwenye harusi ya mdogo wangu, mkataba na mpishi ulitaja wageni 240, kila mmoja robo kuku na pilau, chakula kiwe tayari saa 2 usiku. Pilau ilikuwa tamu na iliwahi. Kwa hilo namsifu kwa moyo wote. Lakini meza sita za mwisho, za watu kumi kumi, zilikosa kuku. Mpishi alisema wamekuja wasioalikwa. Kadi zilizokusanywa mlangoni zilikuwa 240 kamili. Robo kwa watu 240 ni kuku 60, na dada yetu aliyepokea vitu jikoni alikuwa ameandika 45. Hapo hakubisha tena, na tulikata thamani ya kuku 15 kwenye salio tulilokuwa bado hatujamlipa. Soda nazo zilikuwa za moto, ila mkataba haukutaja barafu wala friji, kwa hiyo hilo simlaumu. Ni kosa letu sisi wanakamati.