“Huduma kwa wateja” anapokuomba namba ya tarakimu 6: nini hutokea, na ufanye nini

Wasikilizaji wetu wameendelea kutuletea meseji za aina moja wakituuliza kama ni za kweli. Mtumaji anajitambulisha kuwa ni ofisa wa WhatsApp, kitengo cha msaada. Picha yake ni nembo ya kijani. Anasema kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako, au kwamba akaunti itafungwa ndani ya saa 24 usipoithibitisha. Kisha anamalizia: “Tumekutumia namba ya tarakimu 6. Tutumie hapa tukamilishe uhakiki.”

Na kweli, ukitazama upande wa meseji za kawaida, namba hiyo ipo. Imeingia dakika hiyo hiyo, na imetumwa na WhatsApp wenyewe. Hapo ndipo wengi wanapoamini, maana wanajiuliza: kama huyu ni tapeli, namba halisi imefikaje kwenye simu yangu?

Jibu la swali hilo ndilo ufunguo wa jambo zima, kwa hiyo tulieleze taratibu.

Mtu anayeweka WhatsApp kwenye simu mpya huulizwa namba ya simu. Mfumo haujui kama namba aliyoandika ni yake, hivyo hutuma tarakimu 6 kwa meseji ya kawaida kwenda kwenye laini yenye namba hiyo. Anayezisoma na kuziandika huhesabiwa kuwa ndiye mwenye laini, naye hufunguliwa akaunti. Hakuna kitambulisho kinachoombwa wala swali jingine.

Sasa tapeli ana simu yake mkononi. Anaweka WhatsApp, anaandika namba yako, na mfumo unatuma tarakimu 6 kwako. Yeye hawezi kuziona kwa sababu laini iko kwako, kwa hiyo kilichobaki ni kukufanya umsomee. Namba uliyopokea ni ya kweli kabisa. Aliyeiagiza ndiye huyo anayekuandikia. Hata maneno yake kwamba “kuna mtu anajaribu kuingia kwenye akaunti yako” yana ukweli ndani yake, maana mtu huyo ni yeye mwenyewe.

Ukilielewa hilo, utaona pia kwa nini ofisa wa kweli hana haja ya kukuuliza. Mfumo uliotuma namba unaijua tayari. Mahali pake ni pamoja tu: kwenye kisanduku cha WhatsApp, katika simu yako, wakati ambao wewe mwenyewe umeamua kujisajili. Meseji inayoileta huwa na onyo la kutompa mtu yeyote, ila wengi huzisoma tarakimu na kuliruka onyo.

Tuchukue mfano ili tuone hasara inavyofika. Mweka hazina wa kikoba chenye wanachama 25 anapokea ombi hilo Jumamosi saa nne asubuhi, yuko sokoni na wateja wamemsimamia. Kila mwanachama hutoa shilingi 20,000 kwa wiki, hivyo siku hiyo zinategemewa shilingi 500,000. Anasoma haraka, anatuma tarakimu 6, anarudi kwa wateja wake.

Ndani ya dakika moja WhatsApp kwenye simu yake inamtoa na kumwambia kwamba namba yake imesajiliwa kwenye simu nyingine. Tapeli hapati mazungumzo yake ya zamani moja kwa moja, kwa kuwa hayo yamehifadhiwa ndani ya simu. Lakini makundi yote aliyomo yanamfuata, pamoja na namba za wanachama wake. Kundi la kikoba lipo, na jina linaloonekana kwa wenzake ni lile lile la mweka hazina wao.

Kinachofuata ni meseji fupi kwenye kundi: “Ndugu zangu, laini yangu imefikia kikomo cha siku. Michango ya leo itumeni kwenye namba hii ya mdogo wangu.” Ni ndugu wa karibu wa ile “ile hela itume kwenye namba hii” tuliyoizoea, ila safari hii haitoki kwenye namba ngeni. Inatoka kwa mtu anayeaminiwa na kundi zima, na katika siku ambayo michango inasubiriwa. Wakati huo huo tapeli anaanza kuwaandikia wanachama mmoja mmoja akiwaomba namba zao za tarakimu 6. Ndiyo maana ombi hili mara nyingine huja kwako kutoka kwa rafiki: “Samahani, nimekosea nimetuma namba yangu kwako, nisomee.”

Sasa ufanye nini? Inategemea uko hatua gani.

Kama namba imeingia na hujampa mtu, uko salama. Usiijibu meseji ya “ofisa”, hata kumtukana, maana jibu lolote linamwonesha kuwa laini inatumika na mwenyewe yupo. Mripoti na kumzuia ndani ya WhatsApp. Usibonyeze kiungo chochote alichokutumia. Namba nyingine zikiendelea kuingia, ziache. Tapeli anajaribu tena, na bila wewe kuzisoma kwake hazimfikishi popote.

Kama umeshaitoa, usipoteze muda kubishana naye. Kumbuka jambo moja: ameichukua akaunti, hajaichukua laini. Laini bado iko kwenye simu yako, na namba za uthibitisho zinakuja kwako. Fungua WhatsApp, andika namba yako, omba tarakimu 6 mpya na uziandike. Ukishafanya hivyo, tapeli anatolewa. Wakati mwingine utaambiwa usubiri dakika kadhaa, au hata saa, kabla ya kutumiwa namba nyingine, hasa kama maombi yalikuwa mengi. Subiri, kisha omba tena. Kuifuta programu kwenye simu yako hakumtoi tapeli. Kinachomtoa ni wewe kujisajili upya.

Tapeli mzoefu anajua utarudi, kwa hiyo mara nyingi akiingia huweka namba ya siri ya pili, nayo ni ya tarakimu 6. Ukijisajili upya utaombwa namba hiyo ambayo huijui. Wengi hukata tamaa hapa, wakidhani wameshindwa. Ukweli ni kwamba ulipoandika namba iliyokuja kwa meseji, yeye alishatolewa. Wewe utasubiri siku 7 ndipo uweze kuingia bila ile namba ya siri, lakini katika siku hizo naye hayumo. Akaunti imefungwa kwenu wote wawili. Akikuomba namba mpya ili arudi, usimpe.

Katika siku hizo 7 jihadhari na utapeli wa pili. Watajitokeza watu wanaojiita wataalamu wa kurudisha akaunti, wakitaka malipo ili wavuke kizuizi hicho. Anayekuahidi hivyo anakula fedha yako.

Wakati unasubiri, wapigie simu viongozi wa makundi yako. Tunasema piga, kwa sababu meseji ya WhatsApp kutoka kwa “wewe” ndiyo iliyowadanganya. Waombe waiondoe namba yako kwenye kundi kwa muda na kuwatangazia wanachama. Katika mfano wetu, mweka hazina akipiga simu tatu saa nne na nusu, huenda wametuma watu wawili. Akisubiri hadi jioni, huenda michango yote imeondoka.

Kwa wanachama, kuna kizuizi ambacho wengi huwa nacho na hawakitumii. Unapotuma fedha kwa simu, kabla hujaweka namba yako ya siri, jina la mpokeaji huonekana. Lisome. Kama mweka hazina wenu hajawahi kumtaja mtu mwenye jina hilo, simama, umpigie kwa simu ya kawaida usikie sauti yake. Kama umeshatuma, piga namba 100 ya mtandao wako mara moja. Fedha ambayo bado iko kwenye laini ya mpokeaji ina nafasi ya kuzuiwa. Ikishatolewa kwa wakala, kuirudisha ni kazi kubwa.

Namba iliyotumika kitapeli ipeleke kwa kuituma pamoja na meseji yenyewe kwenda 15040, namba iliyowekwa nchini kwa ajili hiyo. Kama fedha imeondoka, fika kituo cha polisi, eleza na upewe RB. Nenda na picha za meseji na kumbukumbu za muamala. Kujifanya mtu mwingine kwa njia ya mtandao ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015.

Limebaki suala la kujikinga mapema. Ile namba ya siri ya pili ambayo tapeli huiweka, iweke wewe kwanza. Ingia Settings, kisha Account, kisha Two-step verification, uchague tarakimu 6 zako na uongeze barua pepe yako ili ukizisahau uweze kuzibadilisha. Usitumie mwaka wa kuzaliwa wala tarakimu za mwisho za namba yako ya simu. Baada ya hapo, hata ukiteleza ukatoa ile ya meseji, tapeli anakutana na mlango wa pili. Simu yako inaweza kutolewa kwenye akaunti, lakini yeye haingii, nawe unarudi kwa kuandika namba zote mbili.

Hapa tofautisha namba hizi, maana zote zina tarakimu 6 na matapeli wameanza kuuliza zote. Ya kwanza huja kwa meseji na hubadilika kila mara. Ya pili umeitunga wewe, haitumwi na mtu yeyote, na WhatsApp hukuuliza mara moja moja ndani ya programu ili usiisahau. Mtu akikuuliza yoyote kati ya hizo kwa meseji au kwa simu, anatafuta mlango.

Kinga hii ina mpaka wake. WhatsApp huruhusu akaunti moja kufunguliwa pia kwenye kompyuta au kifaa kingine, na tapeli anaweza kukushawishi uunganishe kifaa chake kwa kuandika herufi na tarakimu 8 alizokupa au kupiga picha mraba wenye alama. Hapo simu yako haitolewi, wala huoni tofauti, huku yeye akisoma pamoja nawe. Njia ya kujua ni kufungua Linked devices. Kifaa usichokitambua, kigonge na ukitoe.

Anayeshika simu ya mzazi, ya mweka hazina wa kikoba au ya katibu wa kamati ya harusi, na amkalishe leo amwekee namba ya siri ya pili. Hao ndio wenye makundi yanayotuma fedha, na ndio watakaotafutwa kwanza.